Nakuru: udongo umelowa juu ya paipu ya maji ya kuingia, nitajuaje panapovuja kabla sijang'oa kabro yote?

nyanya_chungu · Jumatano saa 2 usiku

Hamjambo wadau. Niko Kiamunyi hapa Nakuru, nyumba yetu iko kwa mteremko, geti na mita viko juu kwa barabara na nyumba iko chini. Kutoka mita kuna paipu ya PVC ya robo tatu imezikwa, inapita chini ya pale gari huingilia (tumeweka kabro), inaendelea kando ya veranda ya jikoni mpaka kwa mnara wa tangi nyuma ya nyumba. Nimepima na hatua na kamba, ni kama mita 34 hivi kutoka geti mpaka mnara.

Sasa kuna mahali pamelowa, karibu na kona ya slabu ya veranda, mita 23 kutoka kwa mita. Ukubwa wa karai mbili hivi, na nyasi ya hapo imekuwa kijani kuliko kwingine. Mvua haijanyesha wiki tatu. Nimeona kitu kimoja, maji ya mgao huja Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kuanzia saa 3 usiku mpaka saa 4 asubuhi, na asubuhi ya mgao hapo mahali panakuwa tope kabisa, halafu ikifika jioni ya siku isiyo na maji panaanza kukauka. Bili nayo imetoka yuniti 9 ikaenda 17 na hatujaongeza watu.

Fundi wa kwanza alikuja akachimba hapo hapo palipolowa, shimo la magoti, akapata paipu nzima kabisa haina kitu, maji yanakuja tu kutoka kwa udongo wa kando. Akasema tung'oe kabro yote tufuate paipu. Hiyo kabro ilinigharimu, sitaki kuing'oa kwa kubahatisha. Kuna njia ya kujua ni wapi?

mlima_menengai · Jumatano saa 2:25 usiku

Hiyo ni septik dadangu, nyasi ikiwa kijani hivyo ni mbolea ya choo. Ita gari la kunyonya uone kama haitakauka. Sisi ilitusumbua miezi sita tukifikiria ni paipu.

nyanya_chungu · Jumatano saa 2:31 usiku

Septik yetu iko upande wa pili wa nyumba na chini zaidi, maji hayawezi kupanda. Na haina harufu. Na kama ingekuwa choo ingelowa kila siku, si siku za mgao peke yake, choo tunatumia maji ya tangi wiki nzima.

mlima_menengai · Jumatano saa 2:40 usiku

Sawa hapo kwa mgao sikuwa nimesoma vizuri. Lakini kwa mwingine atakayesoma huu uzi, ukiwa na shaka mimina rangi ya keki nyingi chooni uflashi mara kadhaa ungoje siku moja mbili, sisi tuliona wekundu ukitokea kwa nyasi. Isipotokea lakini usiseme si choo, udongo unaweza kuichuja.

bomba_na_geji · Jumatano saa 3:15 usiku

Dada umeshafanya nusu ya kazi kwa kuangalia siku za mgao. Palipolowa panapofuata ratiba ya mgao ni paipu yenye presha ya kampuni, yaani hiyo ya kutoka mita mpaka tangi. Ingekuwa ni paipu ya kutoka tangi kuingia nyumbani ingevuja kila siku tangi likiwa na maji.

Na fundi aliyechimba palipolowa amefanya kosa ambalo sisi wote tumewahi kulifanya. Mtaro wa paipu ulichimbwa ukajazwa tena, na ule udongo wa kujazia haujawahi kushikana kama udongo wa kando ambao haujaguswa. Kwa hivyo maji yakitoka kwa ufa hayapandi juu moja kwa moja, yanateremka ndani ya mtaro kama mfereji, chini chini, hakuna mtu anayaona, mpaka yakutane na kitu cha kuyazuia. Kwako kuna msingi wa veranda na ile slabu. Hapo yanajaa kama kwa bwawa ndipo yanapanda. Nyumba iko chini na geti liko juu, basi tafuta upande wa geti. Ufa unaweza kuwa mita 2 juu ya palipolowa au mita 15, hiyo ndiyo tutatafuta.

Lakini usiguse jembe kwanza. Kesho ni Alhamisi, kuna mgao. Ukimaliza kujaza tangi funga geti valvu iliyo chini ya mnara, halafu uende kwa mita uangalie ile pembe tatu ndogo nyekundu ama nyota. Ikizunguka na valvu imefungwa, maji yanapotelea kati ya mita na mnara. Andika namba za mita zote, nyeusi na nyekundu, ukilala, na uandike tena alfajiri.

Kitu kimoja ambacho watu hupuuza, hakikisha hiyo valvu inafunga kweli. Geti valvu za zamani zinafunga kwa mkono lakini ndani zinapitisha. Juu yake lazima kuna yunioni. Ilegeze baada ya kufunga valvu, maji ya ile paipu inayopanda yatamwagika kiasi, yakiisha uangalie. Kama inaendelea kutiririka basi valvu imekufa, na ukiamini kipimo chake utatafuta ufa kumbe ni boli ya tangi haifungi.

kano_plains · Jumatano saa 3:50 usiku

Fundi umesema ukweli kwa mteremko lakini si kila mahali. Mimi niko Kisumu upande wa Nyamasaria, huku ni tambarare na udongo ni ule mweusi wa pamba. Yetu ilikuwa mita moja na nusu tu kutoka palipolowa. Na kilichoipasua ni huo udongo wenyewe, ukikauka Januari unapasuka nyufa unaweza kuingiza mkono, unavuta paipu, sokit inachomoka kidogo kidogo. Mvua ikija unavimba tena. Jointi ilikuwa imevutwa nusu inchi. Kwa hivyo kuchimba palipolowa si ujinga, inategemea uko wapi.

bomba_na_geji · Jumatano saa 4:05 usiku

Kweli kabisa kaka, kwa tambarare na udongo mzito maji hayana pa kukimbilia, yanajaa hapo hapo. Kiamunyi ni udongo mwepesi wa majivu ya volkano, maji yanapita ndani yake haraka, na pia ni mteremko. Kwa huu udongo wetu paipu inaweza kuvuja mwaka mzima na juu kusiwe na dalili yoyote, maji yote yanaenda chini. Huyu dada ile slabu imemsaidia kuonyesha.

toyo_kitale · Jumatano saa 4:20 usiku

Njia rahisi kuliko zote hizo, chukua kompresa ya kujaza tairi, funga juu na chini, jaza upepo presha 6 hivi, utasikia pale inapumua, udongo unaruka. Nimeona ikifanywa kwa shamba.

bomba_na_geji · Jumatano saa 4:32 usiku

Tafadhali asifanye hivyo kwa PVC. Maji hayabanwi, paipu ikipasuka ikiwa na maji presha inaisha papo hapo. Upepo unabanwa, unakusanya nguvu kama springi, na PVC ikipasuka haichaniki, inavunjika vipande vyenye ncha vinavyoruka. Ikiwa imezikwa kina cha nusu mita unaweza kupona, lakini ile sehemu iko wazi kwa mita na kwa mnara ndipo mtu huwa amesimama. Ukitaka kupima presha tumia maji na pampu ya mkono yenye geji.

Kuna kampuni zinatumia gesi maalumu, naitrojeni imechanganywa na haidrojeni kidogo, 5 kwa 100, hiyo haiwaki moto, wanaiingiza na presha ndogo halafu wanatembea juu na mashine ya kunusa. Inafanya kazi vizuri hata kwa paipu ya plastiki. Ila kwa paipu ya nyumba moja ya mita 34 sijui kama utapenda hiyo bili.

nyanya_chungu · Ijumaa saa 1 asubuhi

Mrejesho. Nimefanya jana usiku na mtoto wangu wa kidato cha tatu akishika tochi.

Kwanza valvu ya chini ya mnara IMEKUFA kweli. Nimeifunga mpaka mkono ukauma, nikalegeza yunioni, maji ya paipu ya juu yakaisha lakini kukabaki mtiririko unene wa kalamu. Kama nisingeambiwa ningekuwa nimepoteza usiku. Jirani akanipa plagi, tukaitoa yunioni tukafunga paipu na plagi na tepu, haikudondoka hata tone.

Kwa mita ile pembe tatu inazunguka polepole lakini haisimami. Saa 4 usiku mita ilisoma 412.386, saa 11 alfajiri 412.722. Hakuna bomba hata moja limefunguliwa upande huo.

hesabu_za_mama · Ijumaa saa 1:20 asubuhi

Hizo ni lita 336 kwa saa 7, lita 48 kila saa. Zidisha masaa 24 ni lita 1,152 kwa siku, kwa mwezi yuniti 34! Jameni hiyo bili itawaua.

bomba_na_geji · Ijumaa saa 1:45 asubuhi

Lita 48 kwa saa ni sawa, lakini mwezi hauhesabiwi hivyo kwa mtu wa mgao. Inavuja tu kukiwa na presha. Amesema usiku 3 kwa wiki, saa 13 kila usiku, hizo ni saa 39. Mara 48 ni lita 1,872 kwa wiki, kwa mwezi inakaribia yuniti 8. Na ameandika bili ilitoka 9 ikaenda 17. Imeingiana. Hii inamaanisha pia kwamba karibu nyongeza yote ya bili inatokana na huu ufa mmoja, hatuna sababu ya kutafuta vingine kwanza.

Sasa Jumamosi usiku ndio kazi. Tafuta nondo ya milimita 12, urefu wa mita moja, ncha uisage iwe butu ya mviringo, isiwe kali. Funga tepu nyekundu sentimita 45 kutoka ncha. Shimo la fundi wa kwanza litakuonyesha paipu iko kina gani na imepita wapi. Chora mstari kwa kamba kutoka hapo mpaka kwa mita, halafu toboa KANDO ya mstari, sentimita 15 pembeni, usitoboe juu ya paipu. Kabla ya kutoboa ujue waya wa stima kutoka kwa mlingoti unaingia nyumbani kupitia wapi, kama umezikwa upande huo acha kabisa sehemu hiyo.

Toboa kuanzia palipolowa ukipanda kuelekea geti, kila mita moja. Toa nondo uangalie ncha, halafu ingiza kijiti kikavu uone maji yamesimama umbali gani kutoka juu. Fanya maji yakiwa na presha, alfajiri kabla hayajakatwa, manake yakikatwa mtaro unaanza kukauka na utadanganywa.

siaya_nyumbani · Ijumaa saa 3 asubuhi

Swali, na kusikiliza je? Marehemu babu yangu alikuwa anaweka chuma kwa sikio anasikia maji yakilia. Alikuwa anapata.

bomba_na_geji · Ijumaa saa 3:30 asubuhi

Babu yako alikuwa na paipu za chuma. Chuma kinabeba sauti mbali sana, unaweza kuweka bisibisi ndefu kwa mita, mpini kwa sikio, ukasikia ufa ulio mbali ukilia kama nyoka. Plastiki inameza sauti, mita chache tu imeisha. Na udongo mwepesi nao unameza. Kwa huyu dada akisikiliza kwa mita hatasikia kitu na atafikiri paipu ni nzima. Lakini akiwa ameshatoboa mashimo, aache nondo ndani ya shimo aweke sikio juu saa 9 usiku, kukiwa kimya na presha iko juu. Shimo lililo karibu na ufa litalia, hayo mengine hapana.

afya_mashinani · Ijumaa saa 5 asubuhi

Mimi si fundi ni nesi wa zahanati, Kakamega. Nauliza, maji yakikatwa na hapo chini kuna tope, hilo tope haliingii kwa paipu? Manake watoto wanakunywa hayo.

bomba_na_geji · Ijumaa saa 5:20 asubuhi

Linaingia. Maji yakikatwa paipu inabaki tupu na nyumba za chini zikifungua bomba zinanyonya, ufa unavuta chochote kilichouzunguka. Kwa hiyo mpaka arekebishe, maji ya kwanza ya mgao ayaache yamwagike nje dakika chache mpaka yawe masafi kabla ya kuingiza kwa tangi, na ya kunywa yachemshwe ama yawekwe dawa.

afya_mashinani · Ijumaa saa 5:26 asubuhi

Kuwa masafi kwa macho haitoshi, ninaongeza tu. Achemshe hata kama yanaonekana meupe. Na akimaliza kurekebisha aoshe tangi.

toyo_kitale · Ijumaa saa 8 mchana

Na kwa nini asiweke stopkoki katikati ya paipu apime nusu nusu? Akate mita 17, afunge, kama mita inazunguka ufa uko juu, isipozunguka uko chini. Halafu nusu ya nusu.

bomba_na_geji · Ijumaa saa 8:15 mchana

Hiyo ni njia nzuri na ndiyo ninayotumia paipu ikiwa chini ya zege ambapo nondo haiingii. Shida yake ni moja, kila kipimo ni shimo jipya na jointi mbili mpya za gundi, na jointi ndizo huvuja. Na mita 17 kwake inaangukia wapi, si chini ya kabro? Aanze na nondo. Ikimshinda tutakata katikati, na tukikata tutaacha hapo valvu na kisanduku chake ili siku nyingine asichimbe.

nyanya_chungu · Jumapili saa 2 asubuhi

Nimeamka saa 9 usiku. Waya wa stima unapita juu, kwa hivyo hapo hakukuwa na hofu. Kabro zilikaa juu ya mchanga, nilitoa moja moja kwa mstari, kila mita moja kabro moja, si zote. Nimeandika kwa daftari, naweka hapa.

Palipolowa kwenyewe maji yamesimama sentimita 8 kutoka juu. Mita moja juu yake sentimita 15. Mita 2, sentimita 22. Mita 3 na 4 karibu 30, na hapa juu udongo ni mkavu kabisa, vumbi, huwezi amini chini kuna maji. Mita 5 na 6, sentimita 36 hivi, nondo inatoka na tope laini kama uji. Mita 7 nilitoa nondo na shimo likaanza kuchemka lenyewe, maji yanapanda na kushuka na mchanga mdogo unazunguka, nikarudisha nondo nikaweka sikio na kulikuwa na mlio, ssss, hauachi. Mita 8 kuna unyevu tu kwa ncha, hakuna maji. Mita 9 kavu. Mita 10 kavu.

Kwa mita 5 nilisikia kitu kama kile lakini kidogo sana, na mita 3 hakuna. Je, ni kwa mita 7?

kano_plains · Jumapili saa 2:15 asubuhi

Hiyo imeandikwa vizuri kuliko mafundi wengi. Ni hapo.

bomba_na_geji · Jumapili saa 2:30 asubuhi

Ni kati ya shimo la 7 na la 8, yaani mita 15 mpaka 16 kutoka kwa mita yako. Usiangalie tu shimo lenye maji mengi, angalia pale maji yanapokoma ghafla upande wa juu. Juu ya ufa kunakuwa kukavu manake maji hayapandi mlima, chini ya ufa kuna maji mtaro mzima. Huo mpaka ndio ufa.

Hapo ni wapi kwa nyumba yako, ni pale tairi za gari hupita?

nyanya_chungu · Jumapili saa 2:38 asubuhi

Ni pale pale. Na mwaka jana Novemba lori la kokoto liliingia hapo kabla ya kuweka kabro.

bomba_na_geji · Jumapili saa 2:50 asubuhi

Ngoja maji yakatwe saa 4, funga na stopkoki ya kwa mita, halafu toa kabro za mraba wa mita moja tu. Chimba na jembe mpaka sentimita 30, baada ya hapo tumia mwiko na mikono. Upande wa chini wa shimo chimba kidimbwi kidogo cha kutekea maji na kikopo, la sivyo utakuwa unafanya kazi ndani ya supu na huoni kitu.

Ukiona paipu ipanguse kavu, halafu mtu afungue stopkoki kidogo tu, kama bado kuna presha. Utaona mwenyewe. Usikate kabla hujaona maji yakitoka kwa macho yako.

nyanya_chungu · Jumapili saa 11 jioni

TUMEIPATA. Mita 15 na nusu. Ufa mwembamba kama unywele, urefu wa sentimita 6, unaanzia kwenye mdomo wa sokit na kufuata urefu wa paipu. Chini ya paipu hapo hapo kulikuwa na jiwe la ukubwa wa ngumi, paipu imelala juu yake.

Fundi (wa pili, si yule) amekata sentimita 40, ameweka kipande kipya na sokit mbili. Alitaka kuunganisha na maji bado yanadondoka kwa paipu, nikamwambia angoje, tukaziba ndani na mkate kama alivyosema mzee mmoja hapa mtaani, maji yakasimama, akapangusa, akapaka gundi. Kama mkate utayeyuka, bomba_na_geji atatuambia.

toyo_kitale · Jumapili saa 11:20 jioni

Ni lori hilo. Lori limekanyaga paipu likaipasua.

bomba_na_geji · Jumapili saa 12 jioni

Inaweza kuwa lori, inaweza kuwa jiwe, kwa maoni yangu ni vyote, jiwe likiwa chini na uzito ukiwa juu paipu inapinda hapo hapo kila gari likiingia. Lakini ufa unaoanzia kwa sokit na kufuata urefu pia huwa ni mtu aliingiza paipu kwa nguvu na kuigonga na nyundo wakati wa kuunganisha. Na mgao wenyewe, maji yakirudi usiku yanasukuma upepo mbele yake na yanagonga. Sitakudanganya kwamba ninajua ni gani.

Mkate ni ujanja wa zamani na unafanya kazi. Ila toa kichujio cha kwa bomba la kwanza na boli ya tangi uvisafishe baada ya mgao wa kwanza, makombo huishia hapo.

USIFUKIE. Acha shimo wazi mpaka Jumanne, mgao upite usiku mzima, angalia jointi zote mbili asubuhi. Kama ni kavu, toa jiwe, weka udongo uliochekechwa ama mchanga sentimita 10 chini na juu ya paipu. Na kwa vile gari hupita hapo, ungeiweka hiyo sehemu ndani ya paipu kubwa ya inchi 2 kama ala, lakini hiyo ilipaswa kuvishwa kabla ya kuunganisha. Kama hakuivisha, pasua paipu ya inchi 2 kwa urefu uifunike kama kigae.

hesabu_za_mama · Jumapili saa 2 usiku

Na plagi iache hapo kwa mnara Jumanne ujue kama mita imesimama kabisa. Tafadhali tuletee namba.

nyanya_chungu · Jumatano saa 1 asubuhi

Namba hizi hapa. Plagi bado iko kwa mnara, tangi halikujazwa tumevumilia. Saa 4 usiku 414.051, saa 11 alfajiri 414.053. Jointi zote mbili kavu, niliweka gazeti chini yake na halijalowa. Ile pembe tatu nimeiangalia dakika 10 haijasogea.

Lakini lita 2 zimeenda wapi?

bomba_na_geji · Jumatano saa 1:25 asubuhi

Inaweza kuwa presha ya barabarani ilipanda usiku ikabana upepo uliobaki ndani ya paipu yako, maji yakaingia lita moja mbili na hayajatoka popote. Hiyo hutokea sana baada ya kukata na kuunganisha. Inaweza pia kuwa kuna tone mahali pengine, na mita ya nyumba tone dogo sana hailioni vizuri, inaruka ruka. Kipimo cha usiku mmoja hakiwezi kutofautisha. Rudia Alhamisi bila kugusa kitu. Ikiwa ni upepo huenda isiongezeke tena kiasi hicho, ikiwa ni tone utapata lita 2 zingine ama zaidi.

kano_plains · Jumatano saa 1:40 asubuhi

Na valvu iliyokufa ununue mpya wakati hiyo yunioni iko wazi, ukinunua chukua ile ya kugeuza robo, boli valvu, hizo hazidanganyi haraka.

nyanya_chungu · Jumatano saa 1:52 asubuhi

Nimeshatuma kijana dukani. Palipolowa bado pana unyevu kidogo kwa kona ya slabu, nadhani ni maji ya zamani yanaisha, nimechomeka kijiti hapo na kukitia alama. Shimo sijafukia. Ijumaa asubuhi naleta namba za mita na za kijiti.